Jinsi ya kuandika mishahara kwenye vitabu: grosi, NSSF, PAYE na zile gharama za mwajiri ambazo watu wengi wanazisahau

Ukifungua vitabu vya kampuni ndogo nyingi Bongo, kwenye mishahara utakuta mstari mmoja tu kila mwisho wa mwezi: Mishahara, hela iliyotoka benki, basi. Alafu mwezi unaofuata kuna mstari mwingine umeandikwa "NSSF" na mwingine "TRA", navyo vimetupiwa kwenye gharama. Jumla ya mwaka ukiangalia haraka haraka inaonekana iko sawa, ndo maana mtu anaweza kufanya hivyo miaka mitatu bila kushtuka. Shida inakuja siku mkaguzi anachukua akaunti yako ya mishahara, anaizidisha kwa asilimia ya SDL, ile tozo ya kuendeleza ujuzi, anaangalia ritani ulizopeleka TRA, namba hazifanani hata kidogo, na wewe huna maelezo.

Hapa naelezea njia iliyonyooka kwa kampuni ya Tanzania bara. Zanzibar wana ZSSF na viwango vyao, na Kenya mistari inabadilika (kuna SHIF na tozo ya nyumba), ila mifupa ya kazi ni ileile, ukishaielewa hii unabadilisha majina na asilimia tu.

Kitu cha kukaa kichwani kabla ya kugusa namba

Gharama ya kampuni sio hela anayopokea mfanyakazi. Gharama ni mshahara ghafi wote, yaani grosi, jumlisha vile ambavyo sheria inamtaka mwajiri aongeze kutoka mfukoni kwake. Makato yote, PAYE yaani kodi ya mshahara, NSSF ya mfanyakazi, mkopo wa Bodi ya Mikopo, hayo ni hela ya mfanyakazi ambayo wewe umeishika kwa muda uipeleke panapohusika. Kwahiyo makato hayawi gharama yako hata siku moja, yanakuwa deni. Hela ya mwajiri ndo inakuwa vyote viwili, gharama na deni kwa pamoja.

Ukishika hiyo, entri zote zinajiandika zenyewe. Nani anabeba nini iko hivi: NSSF kwa sekta binafsi jumla ni 20% ya mshahara ghafi, kawaida 10% inakatwa kwa mfanyakazi na 10% anaongeza mwajiri. PAYE anabeba mfanyakazi peke yake. SDL, ambayo ni 3.5% ya grosi (ilishushwa toka 4% mwaka 2023), anabeba mwajiri peke yake na inawahusu wenye wafanyakazi 10 na kuendelea. WCF, ule mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, ni 0.5% na ni mwajiri tu. Ukiona salari slipu imemkata mfanyakazi WCF au SDL ujue hapo kuna mtu anaibiwa, hata kama aliyeiandaa hakukusudia.

Hatua ya kwanza: fungua akaunti zako sawasawa

Hii watu wanairuka alafu wanateseka mbele. Upande wa gharama fungua nne: Mishahara (grosi), NSSF ya mwajiri, SDL, na WCF. Upande wa madeni fungua sita: Mishahara ya kulipwa, NSSF ya kulipwa, PAYE ya kulipwa, SDL ya kulipwa, WCF ya kulipwa, na Bodi ya Mikopo ya kulipwa kama una mtu anayekatwa. Alafu upande wa mali uwe na akaunti moja ya Advansi za wafanyakazi.

Kuna wanaopenda akaunti moja tu inaitwa "Makato ya kulipwa" wanarundika kila kitu humo. Mi sishauri kabisa, maana salio likibaki 47,200 humo ndani hujui ni ya nani, na utatumia siku nzima kutafuta kitu ambacho akaunti tofauti zingekuonyesha kwa kuangalia tu. NSSF ya mfanyakazi na ya mwajiri zinaweza kukaa kwenye deni moja kwasababu zinalipwa pamoja sehemu moja, hiyo haina shida.

Hatua ya pili: tengeneza shiti ya mishahara mtu mmoja mmoja

Usijaribu kukokotoa PAYE kwa jumla ya kampuni. Kodi ni ya ngazi, kila mtu ana yake, ukichukua jumla ya mishahara ukaipitisha kwenye ngazi utapata jibu la ajabu sana. Anza na mtu, maliza na jumla.

Mpangilio wa kukokotoa ni huu: chukua grosi, toa NSSF ya mfanyakazi ile 10%, kinachobaki ndo kinachotozwa kodi. Hapo ndo unakipitisha kwenye ngazi za PAYE za bara, ambazo ni hivi: mpaka 270,000 hakuna kodi, kinachozidi 270,000 mpaka 520,000 ni 8%, kinachozidi hapo mpaka 760,000 ni 20%, mpaka 1,000,000 ni 25%, na juu ya hapo 30%. Ukiwa na Excel, na kiasi kinachotozwa kodi kiko kwenye seli E2, fomula ni hii:

```
=IF(E2<=270000,0,IF(E2<=520000,(E2-270000)*8%,
IF(E2<=760000,20000+(E2-520000)*20%,
IF(E2<=1000000,68000+(E2-760000)*25%,
128000+(E2-1000000)*30%))))
```

Zile 20,000, 68,000 na 128,000 ni kodi ya ngazi za chini ambayo imeshakamilika, sio namba za kubuni, ndo maana ukizifuta kodi inashuka ghafla na mfanyakazi anafurahi mpaka siku ya ukaguzi.

Mkopo wa Bodi ni 15% ya mshahara wa msingi, sio ya grosi, na haupunguzi kodi, kwahiyo unakatwa baada ya PAYE kushapatikana. Advansi nayo hivyohivyo, haigusi kodi wala NSSF.

Sasa tuchukue mfano wa kiwanda kidogo cha mikate, watu 12. Wanane wa uzalishaji wanalipwa 400,000 kila mmoja, watatu wa mauzo 800,000 kila mmoja, na meneja mmoja 1,200,000 ambapo milioni moja ni mshahara wa msingi na laki mbili ni posho ya nyumba. Meneja ana mkopo wa chuo. Mmoja wa wale wa uzalishaji alichukua advansi ya 50,000 katikati ya mwezi.

Mtu wa 400,000: NSSF 40,000, inabaki 360,000, inazidi 270,000 kwa 90,000, mara 8% ni 7,200. Mkononi anapata 352,800.

Mtu wa 800,000: NSSF 80,000, inabaki 720,000, PAYE ni 20,000 jumlisha 20% ya 200,000, yaani 60,000. Mkononi 660,000.

Meneja: NSSF 120,000 (NSSF inachukua grosi, na posho imo), inabaki 1,080,000, PAYE ni 128,000 jumlisha 30% ya 80,000, jumla 152,000. Alafu Bodi 150,000. Mkononi 778,000.

Ukijumlisha watu wote 12 unapata hizi, na hizi ndo tutaishi nazo mpaka mwisho:

- Grosi: 6,800,000
- NSSF ya wafanyakazi: 680,000
- PAYE: 389,600
- Bodi ya Mikopo: 150,000
- Advansi inayorudishwa: 50,000
- Mkononi: 5,530,400

Kabla hujaenda mbele jumlisha mistari mitano ya chini, lazima irudi 6,800,000 kamili. Isiporudi usiende kokote, kosa liko kwenye shiti na likiingia kwenye leja utalitafuta mara mbili.

Hatua ya tatu: entri ya grosi na makato

Hii unaiandika kwa tarehe ya mwisho wa mwezi, tuseme 31 Oktoba, hata kama hela utalipa tarehe 3 Novemba. Kazi imefanyika Oktoba, gharama ni ya Oktoba, benki itasubiri.

- Debiti Mishahara (gharama): 6,800,000
- Krediti NSSF ya kulipwa: 680,000
- Krediti PAYE ya kulipwa: 389,600
- Krediti Bodi ya Mikopo ya kulipwa: 150,000
- Krediti Advansi za wafanyakazi: 50,000
- Krediti Mishahara ya kulipwa: 5,530,400

Angalia ule mstari wa advansi vizuri maana ndo unawachanganya watu. Siku unampa mfanyakazi ile 50,000 uliandika debiti Advansi, krediti benki au keshi. Haikuwa gharama siku ile, alikuwa anadaiwa. Leo unamkata, deni lake linafutika, kwahiyo krediti inaenda kwenye akaunti ileile ya Advansi na salio linakuwa sifuri. Wanaoandika advansi kama gharama siku ya kuitoa, alafu mwisho wa mwezi wanaandika tena grosi nzima, wanakuwa wameihesabu 50,000 mara mbili na hawaoni popote.

Kama una wahasibu wanaotaka kujua gharama ya kuzalisha mkate, gawanya ile debiti: 3,200,000 ya wale wanane iende gharama za uzalishaji, 3,600,000 iliyobaki iende gharama za uendeshaji. Upande wa krediti haubadiliki hata senti.

Hatua ya nne: entri ya gharama za mwajiri

Hapa ndo wengi wanaachia njiani. Grosi ni 6,800,000, na wafanyakazi ni 12 kwahiyo SDL inatuhusu.

- Debiti NSSF ya mwajiri (gharama): 680,000
- Debiti SDL (gharama): 238,000
- Debiti WCF (gharama): 34,000
- Krediti NSSF ya kulipwa: 680,000
- Krediti SDL ya kulipwa: 238,000
- Krediti WCF ya kulipwa: 34,000

Jumla 952,000 juu ya grosi. Kwahiyo mwezi wa Oktoba watu hawa 12 wameigharimu kampuni 7,752,000, wakati bosi akiangalia simu yake ameona benki imetoa milioni tano na nusu. Hiyo tofauti ya zaidi ya milioni mbili ndo inayoua biashara ndogo, kwasababu hela inakaa kwenye akaunti inaonekana kama ipo huru, inanunua unga, alafu wiki ya kwanza ya mwezi unaofuata TRA wanataka chao. Ukiwa na madeni haya kwenye leja kila tarehe 31, bosi akiuliza tuna shilingi ngapi unamtolea hapohapo 2,171,600 ambayo sio yenu (NSSF 1,360,000, PAYE 389,600, SDL 238,000, Bodi 150,000, WCF 34,000).

Kampuni ikiwa na watu tisa mstari wa SDL unaondoka wote, gharama na deni. Ila kuwa makini mwezi mnaajiri mtu wa kumi, maana hapo SDL haimgusi yule mpya peke yake, inaanza kwenye mshahara wa kila mtu. Bosi aambiwe mapema, kwasababu mtu wa kumi anakuja na gharama kubwa kuliko mshahara wake.

Hatua ya tano: entri za kulipa

Hizi ni rahisi sana kama zile mbili za juu ziko sawa, kwasababu kulipa hakuna gharama tena, ni kufuta deni tu. Ukijikuta unalipa NSSF na mkono wako unaelekea akaunti ya gharama, simama.

Ukilipa wafanyakazi: debiti Mishahara ya kulipwa 5,530,400, krediti Benki 5,530,400. Makato ya benki kwa kutuma, yale ya miamala, yaende gharama za benki, usiyachanganye na mishahara.

Ukilipa TRA: debiti PAYE ya kulipwa 389,600, debiti SDL ya kulipwa 238,000, krediti Benki 627,600. Hii ni ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, kwahiyo ya Oktoba mwisho ni tarehe 7 Novemba. Siku saba zinaisha haraka kuliko unavyodhani hasa ikiangukia wikendi, usisubiri tarehe 7 yenyewe ndo uanze kutafuta namba ya malipo mtandao umelala.

Ukilipa Bodi: debiti Bodi ya Mikopo ya kulipwa 150,000, krediti Benki. Ni ndani ya siku 15 baada ya mwezi kuisha.

Ukilipa NSSF na WCF: debiti NSSF ya kulipwa 1,360,000, krediti Benki, na debiti WCF ya kulipwa 34,000, krediti Benki. Hawa wanakupa mwezi mmoja baada ya mwezi husika, ya Oktoba unalipa ndani ya Novemba.

Ukichelewa ukapigwa faini, faini usiiweke kwenye NSSF ya mwajiri wala kwenye PAYE. Ifungulie akaunti yake kabisa, "Faini na adhabu", kwasababu wakati wa kukokotoa kodi ya mapato ya kampuni faini ya kuvunja sheria haikubaliki kama gharama, itabidi irudishwe kwenye faida. Ukiwa umeizika ndani ya NSSF nani ataikumbuka mwezi wa sita mwakani?

Hatua ya sita: soma salio, ndo linalokwambia kosa liko wapi

Baada ya malipo yote ya Oktoba kutoka, kila akaunti ya deni inatakiwa ibaki na deni la Novemba peke yake, au sifuri kama Novemba hujaiandika. Ikibaki kitu, usikimbilie kuandika entri ya kusawazisha. Angalia hiyo namba kwanza, mara nyingi ina jina la mtu.

Mfano PAYE ya kulipwa imebaki na krediti 7,200. Hiyo ni kodi ya mtu mmoja wa 400,000, maana yake kwenye shiti yupo ila kwenye ritani ya TRA kuna mtu umemruka. Kama 7,200 imebaki upande wa debiti ni kinyume chake, umelipia mtu ambaye hayupo kwenye shiti, labda aliyeacha kazi mwezi uliopita na jina lake halijatolewa kwenye ritani. NSSF ikibaki 80,000 fikiria mambo mawili: ama mtu wa 400,000 ameachwa pande zote mbili, ama mtu wa 800,000 ameachwa upande mmoja. Kulinganisha ile orodha ya majina ya NSSF na shiti yako kutakupa jibu kwa dakika chache.

Vijisalio vya shilingi moja mbili ni mzunguko wa namba tu, mfumo unazungusha kwa mtu mmoja mmoja na wewe Excel yako inabeba senti. Dawa ni kuzungusha kwenye shiti kwa kila mtu kabla ya kujumlisha, weka ROUND kwenye fomula, na kama bado inagoma basi andika kwenye vitabu namba iliyotoka kwenye ritani maana ndo utakayolipa.

Kuna cheki nyingine naipenda ambayo inachukua dakika moja. Jumlisha hela yote iliyotoka kwa ajili ya mishahara ya Oktoba: 5,530,400 ya wafanyakazi, 627,600 ya TRA, 150,000 ya Bodi, 1,360,000 ya NSSF, 34,000 ya WCF, alafu ile 50,000 ya advansi iliyotoka katikati ya mwezi. Inakuja 7,752,000, sawasawa na gharama zote za entri ya tatu na ya nne. Hela iliyotoka na gharama zikikutana hivyo, mwezi umefungwa.

Na ile cheki ya mkaguzi unaweza kujifanyia mwenyewe kila mwisho wa mwaka: chukua akaunti ya Mishahara ya mwaka mzima, zidisha 3.5%, inatakiwa ifanane na akaunti ya SDL. Zidisha 10%, ifanane na NSSF ya mwajiri. Zidisha 0.5%, ifanane na WCF. Isipofanana kuna sababu, na ni heri uijue wewe kabla yake. Hapa ndo utaona kwanini wanaoandika neti kwenye Mishahara hawawezi kupita, kwasababu 3.5% ya neti haifanani na kitu chochote duniani.

Bosi akimuahidi mtu hela ya mkononi

Hii inatokea kila siku. Bosi kakaa na fundi, wamekubaliana "laki tano mkononi", anakuja kwako anasema muandikie laki tano. Ukiandika grosi 500,000 ukamkata, fundi atapokea pungufu na ugomvi utaanza. Ukiandika grosi 500,000 bila kumkata, ukalipa NSSF na kodi ya 500,000 kimyakimya kwenye gharama, basi vitabu vyako ni uongo, kwasababu ile kodi unayomlipia nayo ni sehemu ya mshahara wake.

Inabidi urudi nyuma utafute grosi inayoacha 500,000. Kwa bahati hii namba ni nzuri: kiasi cha kutozwa kodi kikiwa 520,000, PAYE ni 20,000, mkononi 500,000 kamili. Na 520,000 ni 90% ya grosi, kwahiyo gawanya kwa 0.9 unapata grosi 577,778. NSSF yake 57,778, PAYE 20,000, anaondoka na 500,000. Mwajiri anaongeza NSSF 57,778, SDL 20,222 na WCF 2,889, jumla fundi huyu anagharimu 658,667 kwa mwezi. Onyesha bosi hiyo namba kabla mkataba haujasainiwa, na kwenye mkataba iandikwe grosi, maana ngazi za kodi zikibadilishwa kwenye bajeti ya Juni, mwenye mkataba wa neti mabadiliko yote yanakuangukia wewe mwajiri.

Kwa namba nyingine ambazo hazijakaa vizuri hivyo, tumia Goal Seek kwenye Excel, mwambie seli ya mkononi iwe kiasi unachotaka kwa kubadilisha seli ya grosi. Inafanya haraka na haikosei kama fomula yako ya PAYE iko sawa.

Kama miezi ya nyuma umeshaandika vibaya

Usifute kitu. Tuseme Oktoba uliandika debiti Mishahara 5,530,400, krediti Benki 5,530,400 tu. Unachokosa ni tofauti ya kufika kwenye grosi, kwahiyo entri ya marekebisho ni debiti Mishahara 1,269,600, krediti NSSF ya kulipwa 680,000, PAYE ya kulipwa 389,600, Bodi 150,000 na Advansi 50,000. Alafu unaandika entri ya nne nzima kama ilivyo. Zote kwa tarehe 31 Oktoba kama mwezi bado uko wazi kwenye mfumo wako.

Kisha nenda kwenye malipo ya Novemba ambayo uliyatupia kwenye gharama uyahamishe: debiti NSSF ya kulipwa 1,360,000, krediti ile akaunti ya gharama uliyoiweka mwanzo, na vivyohivyo kwa TRA, Bodi na WCF. Ukishamaliza, gharama za Novemba zinashuka, za Oktoba zinapanda, na madeni ya Oktoba yanaisha.

Ukiwa na miezi mingi ya namna hii ndani ya mwaka mmoja, fanya mwezi kwa mwezi kwa kufuata shiti za kila mwezi, usipige entri moja ya jumla, kwasababu ukipiga jumla ile njia ya kusoma salio kwa jina la mtu inapotea. Na kama kosa limevuka mwaka, hesabu za mwaka ule zimeshafungwa na ritani ya kampuni imeshaenda TRA, usirudi kuchokonoa vitabu vilivyofungwa. Kama kiasi ni kidogo kinaingia kwenye mwaka huu, kama ni kikubwa kinapita kwenye faida iliyolimbikizwa, na kipi ni kidogo kipi ni kikubwa hapo mkaguzi wako ndo wa kukubaliana naye kabla hujaandika chochote.